Kumshitaki mwalimu anayenisimamia utafiti: jina langu litafichika mpaka wapi?

Mtoto_wa_Kojani

Asalaam alaykum. Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya jambo hili, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha nisije nikatambulika. Nasoma mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja hapa Unguja. Kwetu ni Pemba, hapa nakaa hosteli.

Mwalimu mmoja ananisimamia utafiti na muhula huu huu anatusomesha somo. Alianza na meseji za usiku: "umelala?", "mbona hunijibu?" Nikawa simjibu, au namjibu asubuhi kwa mambo ya utafiti tu. Baadaye akaniambia fomu yangu ya propozali haisaini ofisini, nimfuate Fuoni kwenye nyumba anayofanyia kazi zake. Sikwenda. Tangu hapo sura ya tatu kaikalia. Nilipomfuata ofisini alifunga mlango akaniambia, "Wewe si unajifanya mjanja, tutaona kama utavaa joho mwaka huu." Wenzangu tunaosimamiwa naye wako sura ya tano.

Nataka kupeleka malalamiko, chuo kina dawati la jinsia. Ila alama za darasani, asilimia 40, ziko mikononi mwake, na mtihani atausahihisha yeye. Nikirudia mwaka sijui mkopo utakuwaje. Baba hajui lolote, na kule kwetu habari ikifika bandarini asubuhi, jioni kijiji kizima kinayo.

Ninachouliza: nikishitaki, yeye atajua kuwa ni mimi? Na chuo kinaweza kunilinda vipi, kwa vitendo?

Pweza_wa_Mkoani

Dada pole sana. Usijisumbue na hao wa dawati, wote wanakula meza moja. Andika barua isiyo na jina, ipeleke kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala TAKUKURU. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inasema wazi mwenye mamlaka akitaka ngono ili akupe haki yako ni kosa, faini au jela. Barua ikifika tu huyo anafukuzwa na wewe hakuna anayekujua.

Mzee_wa_Rufaa

Kuhusu alama, kila chuo kina utaratibu wa kukata rufaa. Matokeo yakitoka unajaza fomu, unalipia, mtihani wako unasahihishwa na mwalimu mwengine. Mimi nilikata rufaa somo la takwimu nikapanda daraja. Usiwe na wasiwasi, subiri matokeo kwanza. Na wasimamizi kuchelewesha sura ni kawaida yao, wangu alikaa na kazi yangu mpaka nikasahau niliandika nini.

Ukhti_Mtambwe

Mzee wa rufaa, umesoma hiyo sehemu ya Fuoni na mlango kufungwa? Hapa hatuzungumzii sura kuchelewa.

Mdogo wangu, mie yamenikuta, chuo chengine, miaka imepita. Nilikwenda kwa mkuu wa idara nikamweleza kwa mdomo. Alinisikiliza vizuri, mpaka akanipa maji. Siku ya pili akaniita, naingia ofisini namkuta yule mwalimu kakaa. Mkuu anasema, "Huyu ni mtu mzima, ana watoto wake, na wewe ni kama mwanawe, tuyamalize hapa hapa, muhali kuyatoa nje." Nikalia, nikasema nimesamehe. Muhula ule nikapata sapu kwenye somo lake, na nilipotaka kulalamika hapakuwa na karatasi hata moja inayoonesha kuwa niliwahi kusema kitu. Mkuu wa idara akasema yeye anakumbuka tulikuwa na "kutoelewana kidogo".

Kwa hiyo mie nakwambia, usiende kwa mdomo. Lakini namna ya kwenda hasa, wanaojua wakusaidie.

Bi_Masjala

Waalaykum salaam mwanangu. Nimestaafu. Nilifanya kazi upande wa utawala vyuoni kwa muda mrefu na nimekuwa katibu kwenye vikao vya nidhamu vya watumishi, kwa hiyo nitakueleza nilivyoyaona mambo haya yakienda, mazuri na mabaya.

Suala lako la kwanza nalijibu bila kukuficha. Ndiyo, ikiwa malalamiko yatafika kwenye hatua ya kumshitaki kinidhamu, mwalimu atajua kuwa ni wewe. Anapewa hati ya tuhuma, na lazima ajue anatuhumiwa kufanya nini, lini, kwa nani, ili ajibu. Kikao kikimwadhibu bila ya kumpa nafasi hiyo, atakata rufaa na atashinda kwa sababu ya utaratibu tu, hata kama kweli alifanya. Afisa yeyote atakayekwambia "hatajua kabisa" ama hajui kazi ama anakubembeleza.

Siri unayostahiki ni nyengine. Mpaka siku ile ya hati, jina lako wanapaswa kulijua watu wachache sana: anayepokea, anayechunguza, na mkubwa anayetoa amri ya kukulinda. Na hata baada ya siku ile, analolijua mwalimu ni jina na tuhuma. Namba yako ya simu, chumba chako cha hosteli, anuani ya kwenu, majina ya uliowaeleza siri yako, hivyo havimhusu na vinaweza kufunikwa kwenye nakala anayopewa.

Sasa faida yako iko kwenye huo muda wa kati, kabla hajajua. Mambo ya kukulinda yanatakiwa yawe yameshafanyika kabla hati haijamfikia. Wanafunzi wengi hukabidhi maelezo yote, wakarudi hosteli kusubiri, na hatua ya mwanzo ya chuo inakuwa ni kumwita mwalimu "atoe ufafanuzi". Hapo keshajua, na alama bado anazo yeye.

Kwa hiyo barua yako iombe ulinzi kwanza, halafu ndiyo ishitaki. Uombe mambo haya kwa majina yake: ubadilishiwe msimamizi wa utafiti, alama zako za darasani zilizokwishatolewa zichukuliwe nakala na ofisi ya taaluma sasa hivi, mtihani wako wa somo lake usahihishwe na mwalimu mwengine, na akatazwe kuwasiliana nawe, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu.

Mtoto_wa_Kojani

Mama shukran. Mtihani tunaandika namba ya usajili, si jina. Hiyo haitoshi kunificha?

Bi_Masjala

Haitoshi mwanangu. Orodha ya namba na majina anayo yeye, ndiyo anayojazia alama za darasani. Na mwandiko wako keshauona kwenye majaribio. Namba inasaidia pale anaposahihisha mtu asiyewasomesha.

Na Mzee wa rufaa, rufaa ipo, lakini inakuja baada ya kuumia, na mara nyingi inagusa karatasi ya mtihani peke yake. Zile asilimia 40 za darasani hazirejewi kwa urahisi, maana majaribio yenyewe huwa yamesharudishwa kwa wanafunzi au yamepotea. Kwa hiyo wewe binti, leo hii kusanya majaribio yako yote yenye alama zake. Kama alama zimebandikwa ubaoni au zimetumwa kwenye kundi la darasa, piga picha inayoonesha na tarehe. Asipojua kuwa umeshitaki, alama alizokwishatoa hana sababu ya kuzigusa. Akizibadilisha baadaye, ile picha ndiyo itakayomshitaki mara ya pili.

Mwl_Bububu

Mimi ni mwalimu wa chuo, mwanamme, na naomba nisieleweke vibaya. Hii habari ya kuombea hatua zichukuliwe kabla mwalimu hajasikilizwa inanitia wasiwasi. Tunao wenzetu waliosingiziwa na wanafunzi waliofeli. Mtu akibadilishiwa mwanafunzi ghafla, idara nzima inajua kuna jambo, na jina lake limeshachafuka hata kama hakufanya kitu.

Bi_Masjala

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi, na ndiyo maana siri inamlinda na yeye. Lakini tizama: kubadilisha msimamizi si adhabu. Wasimamizi hubadilishwa kila mwaka, mmoja kaenda masomoni, mwengine ana wanafunzi wengi. Barua ya kubadilisha inaandikwa "kwa sababu za kiutawala", basi. Hakuna haja ya idara kujua zaidi. Adhabu ndiyo inayongoja asikilizwe.

Na malalamiko kutothibitika hakumaanishi mtoto kasema uongo. Mara nyingi ni kwamba walikuwa wawili chumbani na ushahidi haukutosha. Chuo kinachomfungulia mwanafunzi mashitaka ya uongo kila kesi inapoanguka kitabaki bila ya mlalamikaji hata mmoja.

Mwl_Bububu

Hilo la sababu za kiutawala nakubali. Kwa dada mwenyewe basi niseme kitu kimoja kutoka upande wetu: mwalimu akishitakiwa, utetezi wa kwanza ni "huyu ni mvivu, kazi yake mbovu ndiyo maana nilimrudishia". Kwa hiyo uwe na ushahidi wa lini ulipeleka sura ya tatu. Kama uliipeleka kwa barua pepe, vizuri. Kama ulimpa mkononi, mtumie tena kwa barua pepe sasa, maneno mawili ya adabu: "Mwalimu, naambatanisha sura ya tatu niliyokukabidhi tarehe fulani, naomba maoni yako." Asipojibu, ukimya wake una tarehe.

Pweza_wa_Mkoani

Lakini barua isiyo na jina bado ni salama zaidi. Mnamtia mtoto wa watu hatarini.

Wakili_wa_Vuga

Pweza, umepatia nusu. Kifungu ulichotaja kipo, na ni kweli kosa lenyewe ndilo hilo, wengi hudhani rushwa ni fedha tu. Ila hiyo ni sheria ya Bara, na TAKUKURU wanafanya kazi Bara. Zanzibar mamlaka ni ZAECA, kwa sheria ya Zanzibar. Ukipeleka nakala TAKUKURU utapotezewa muda mpaka mtu aamue kuihamisha.

Barua isiyo na jina ina mipaka miwili. Wa kwanza, haiwezi kuwa shahidi. Chuo kinaweza kuitumia kuanza kufuatilia, lakini kumtia mtu hatiani kwa karatasi isiyo na mwenyewe hakuna kikao makini kitakachokubali. Wa pili, kwa kesi ya huyu dada hata haimfichi. Ukiandika "mwanafunzi wa utafiti aliyekataa kwenda Fuoni kusainiwa propozali", mwalimu anamjua ni nani kabla hajamaliza mstari. Anakuwa amejulikana, na wakati huo huo chuo hakimjui, kwa hiyo hakiwezi kumbadilishia msimamizi wala kumlinda mtihani.

ZAECA kuna tofauti moja ya kuijua. Ukienda kama mtoa taarifa, jina lako halitakiwi kutoka. Kesi ikienda mahakamani na wewe ndiye shahidi mkuu, hapo utajulikana, maana mshitakiwa ana haki ya kukuhoji kupitia wakili wake. Waulize mapema, siku ya kwanza, unaandikishwa kama nani.

Na jengine: akikwambia tena uende nyumbani kwake, usiende peke yako na simu inayorekodi mfukoni. Mtego ni kazi ya wachunguzi, wao wanajua namna ya kuupanga na watakuwa nje ya mlango. Ukijipangia mwenyewe, kwanza ni hatari kwa mwili wako, pili atasema ulikwenda kwa hiari yako.

Ukhti_Mtambwe

Na polisi je? Kuna dawati la jinsia na watoto pale.

Wakili_wa_Vuga

Polisi hasa ni pale alipomgusa, alipomshambulia au alipomtishia kumdhuru. Kukitokea kuguswa kwa nguvu au zaidi ya hapo, usingoje chuo, nenda moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, Mnazi Mmoja wanacho, na Pemba vipo. Daktari, polisi na mshauri unawapata sehemu moja, na ushahidi wa mwilini haungoji kikao. Kesi za udhalilishaji zina mahakama yake maalum Zanzibar tangu 2021, kwa hiyo siku hizi hazikai foleni moja na kesi za mashamba.

Kwa alivyoeleza dada, hapajafika huko. Njia zake ni chuo, na ZAECA kama anataka. Moja haizuii nyengine. Akitaka mtu wa kumsomea barua kabla hajaipeleka, ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wanasaidia bila malipo.

Mtoto_wa_Kojani

Nimeandika barua ya kurasa tatu. Naipeleka vipi? Dawati liko jengo moja na idara yetu, na karani wa mapokezi ni jamaa yake mwalimu.

Bi_Masjala

Umeuliza jambo ambalo ndipo siri nyingi zinapovujia, na wala si kwenye vikao.

Barua yoyote inayoingia ofisini hupita masjala. Pale inafunguliwa, inapigwa muhuri, inaandikwa kwenye daftari nani kaleta na inahusu nini, inatiwa kwenye jalada, jalada linabebwa na mhudumu. Hesabu mikono hiyo. Lakini barua ya siri haifunguliwi masjala ya wazi, inakwenda ilivyo kwa aliyeandikiwa. Kwa hiyo ifanye iwe ya siri tangu mkononi mwako.

Gawa kazi yako vipande viwili. Cha kwanza ni barua fupi, mistari michache, haina jina la mwalimu wala kisa:

"Naambatanisha maelezo ya siri kuhusu mtumishi wa chuo. Naomba nipewe kwa maandishi namba ya kumbukumbu na jina la afisa atakayenishughulikia. Naomba hatua za ulinzi nilizoziorodhesha zichukuliwe kabla ya mtumishi huyo kujulishwa. Naomba mzazi au ndugu yangu yeyote asijulishwe bila ya ridhaa yangu ya maandishi."

Cha pili ni zile kurasa tatu. Zitie kwenye bahasha, funga, andika SIRI na cheo cha unayempelekea, "ifunguliwe na yeye mwenyewe". Bahasha hiyo itie ndani ya bahasha nyengine ya kawaida, yenye cheo tu. Barua fupi iwe na nakala mbili. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akiisoma hatopata kitu cha kuhadithia.

Na kwa kuwa dawati liko karibu na idara, huna lazima ya kuanzia pale. Mpelekee Naibu Makamu Mkuu anayeshughulika na taaluma au mlezi wa wanafunzi, katika hao yule asiye na usuhuba na huyo mtu. Omba miadi, mpe mkononi, muhuri upigwe mbele yako.

Kwenye zile kurasa tatu, toa maneno kama "ananinyanyasa sana" uweke alichosema kama alivyokisema, siku gani, mlango umefungwa au wazi, nani alikuwepo koridoni, wewe ulijibu nini. Meseji usizifute hata zikikutia kichefuchefu, na simu usiibadilishe. Picha za skrini zioneshe namba yake na tarehe, ila simu yenyewe ndiyo asili.

Mtoto_wa_Kojani

Hilo la mzazi sikujua kama naweza kuliomba. Nilidhani wana haki ya kumpigia baba.

Bi_Masjala

Wewe ni mtu mzima. Hapana sababu ya kumpigia. Wapo maafisa hupiga kwa nia njema, kwa mila zetu wanaona ndiyo heshima, na ndiyo maana unaandika mapema. Asiyeambiwa atasema hakuambiwa.

Kipepeo_cha_Chwaka

Mie ningekuwa wewe ningeposti meseji zake zote kwenye kundi la chuo. Wengine wangejitokeza. Mtu kama huyu hakuanzia kwako wala hatoishia kwako.

Wakili_wa_Vuga

Mwalimu anaweza kugeuka yeye mshitaki, akushitaki kwa kashfa, na mbele ya kikao atasema siri imevunjwa na mlalamikaji mwenyewe. Wengine wakiwepo, wapeleke maelezo yao, kila mmoja ya kwake kwa maneno yake. Maelezo matatu yasiyoandikwa pamoja yana uzito kuliko posti elfu.

Kipepeo_cha_Chwaka

Na kama wameshapeleka na yakafungiwa kabatini? Wakili, kuna wakati ukimya wa utaratibu ndio unaomlinda yeye. Sikubaliani na wewe kwa hilo.

Ukhti_Mtambwe

Mie nipo katikati. Mwaka ule kama mtu angeniposti ningekufa kwa aibu, lakini baadaye nilikutana na mwengine aliyefanyiwa na mtu yule yule baada yangu, na nikajiuliza.

Mtoto_wa_Kojani

Nimerudi kuwapa habari. Nilimpelekea Naibu Makamu Mkuu kama alivyosema Bi Masjala, bahasha mbili, na nakala yangu ina muhuri. Alinipokea vizuri, ila kwanza alisema, "Unaonaje tukuiteni wote wawili?" Nikamwambia naomba isiwe hivyo na nikamwonesha mstari wa hatua za ulinzi. Alinyamaza akausoma tena, akasema sawa. Namba ya kumbukumbu nimepewa.

Msimamizi nimebadilishiwa. Tatizo ni kwamba barua ya kubadilishiwa imeandikwa "kufuatia malalamiko ya mwanafunzi", nakala kwa mkuu wa idara, kwa msimamizi mpya na kwa yeye mwenyewe. Kesho yake karani wa idara ananiuliza, "Kwani kakufanyani mwalimu wa watu?" Na jana kaka mmoja wa mwaka wa pili, mtoto wa dada yake mwalimu, kanifuata hosteli ananiambia mjomba anaomba tukae tuzungumze, wazee watakuja kuomba radhi kwa baba.

Baba bado hajui. Usiku sikulala.

Bi_Masjala

Mwanangu, nimeumia kusoma hii, na nimekasirika. Hivyo ndivyo siri inavyovuja, kwa mstari mmoja wa mtu asiyefikiri anapoandika barua. Sasa ufanye mambo mawili, leo.

La kwanza, mwandikie tena Naibu Makamu Mkuu, bahasha zile zile, ukitaja namba ya kumbukumbu. Ambatanisha nakala ya ile barua ya idara. Sema siri imevunjwa, taja maneno ya karani na siku aliyoyasema, na omba barua hiyo iondolewe itolewe nyengine inayosema sababu za kiutawala, nakala zilizotoka zikusanywe. Aliyekwishajua hatosahau, hilo hatuwezi kulirudisha nyuma. Lakini barua ikibaki kwenye jalada la idara ataisoma kila anayelifungua mpaka unahitimu.

La pili, yule kijana wa hosteli ni tuhuma mpya. Mwalimu amekutumia mtu. Andika alichosema, saa ngapi, nani alimwona. Sema waziwazi kuwa unahesabu kutumiwa ndugu na wazee kuwa ni kushinikizwa, na uombe chuo kimpe mwalimu onyo la maandishi. Ofisi nyingi zinaona wazee kuja kuomba radhi ni jambo jema. Usipolieleza hivyo, kikao kinaweza kusikia "familia zimeshazungumza" wakafunga jalada, na wewe hata hukuwepo kwenye mazungumzo hayo.

Umeomba mtihani usahihishwe na mwengine? Umejibiwa kwa maandishi?

Mtoto_wa_Kojani

Kwa mdomo. Alisema "hilo lisikupe tabu".

Bi_Masjala

Litie kwenye barua hiyo hiyo: "Nashukuru kwa kunihakikishia tarehe fulani kwamba mtihani wangu utasahihishwa na mwalimu mwengine." Akipokea na asikanushe, tayari unayo karatasi.

Mwl_Bububu

Naongeza: kuna mtahini wa nje anayepitia karatasi. Omba karatasi yako iwe miongoni mwa atakazozipitia. Ofisi ya taaluma inaweza kufanya hivyo bila ya kumweleza sababu.

Na kuhusu baba, samahani kwa kuingilia, mimi ni mzazi. Kwa hali ilivyofika, wale wazee wanaweza kupanda boti kesho. Pengine ni bora asikie kutoka kwako, au kwa mama, kuliko kusikia kwa wageni waliokuja na maneno yao. Lakini wewe ndiye unayemjua.

Ukhti_Mtambwe

Mwambie mama kwanza. Au shangazi kama yupo mwenye kauli mbele ya baba.

Mtoto_wa_Kojani

Yupo shangazi Chake. Nitampigia leo.

Nina suala moja nimebaki nalo. Nimesikia kuwa huyu mwalimu yuko kwa mkataba na unakaribia kwisha. Akiondoka kabla ya kikao, inakuwaje? Na kikao kikikaa, nitaambiwa kilichoamuliwa?

Bi_Masjala

La pili ni jepesi kidogo. Unastahiki kujua kwa maandishi kuwa jambo limemalizika na kama tuhuma zimethibitika. Adhabu yenyewe vyuo vingi huificha kwa kuwa ni habari ya mtumishi. Mie siku zote nilibishana na wenzangu kwa hilo. Aliyeumizwa lazima ajue kama atakutana na mtu huyo koridoni muhula ujao.

La kwanza nimeliona likitokea, na liliniuma. Mtu anaandika barua ya kuacha kazi, chuo kinashusha pumzi, jalada linafungwa, mwaka unaofuata yuko chuo chengine na barua nzuri ya kumtambulisha. Unachoweza ni kuomba sasa, kwenye barua hiyo hiyo, uchunguzi ukamilishwe na matokeo yaandikwe kwenye jalada lake hata akiondoka. Kama watakubali, siwezi kukuahidi.

Wakili_wa_Vuga

Na hapo ndipo ZAECA ina faida. Mkataba ukiisha chuo hakina tena mkono wa kinidhamu juu yake, lakini kosa la jinai halifutiki kwa mtu kuhama kazi. Ila ujue ukienda huko unakubali uwezekano wa kusimama mahakamani. Usiamue leo. Zungumza na shangazi, halafu nenda ZAFELA ukakae nao na barua zako zote mkononi.

Kipepeo_cha_Chwaka

Na chuo cha pili atakachokwenda, nani atawaambia?

Wakili_wa_Vuga

Kwa utaratibu ulivyo sasa, kama hakuna kilichoandikwa kwenye jalada lake na hakuna hukumu, hakuna anayewaambia.

Kipepeo_cha_Chwaka

Basi ndiyo nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

Mtoto_wa_Kojani

Nimemaliza kuandika barua ya pili. Nimetia kijana wa hosteli, karani, mtihani, mtahini wa nje na hilo la jalada. Asubuhi naipeleka. Shangazi kasema anakuja Unguja na boti ya Jumamosi, na yeye mwenyewe atamwambia baba kabla hajaondoka.